Mazungumzo ya grupu ya kikoba yakichapwa: nyota, viwimbi, na "Nakubali" isiyojulikana inajibu nini

KatibuKihonda

Wadau salaam. Mimi ni katibu wa kikoba huku Morogoro. Mambo mengi tunayajadili WhatsApp katikati ya mwezi, halafu kabla ya mkutano nachapa mazungumzo steshenari ili wazee wasio na simu janja wayasome na nakala ikae kwenye faili. Sasa mkutano uliopita karatasi zenyewe ndizo zilizoleta ugomvi.

Mwenyekiti alituma ujumbe wa faini. Kwenye simu unaonekana vizuri kabisa: elfu kumi imekatwa mstari, elfu tano imekolezwa. Kwenye karatasi ikatoka hivi:

```
05/06/2024, 19:42 - Mwenyekiti: Faini ya kuchelewesha rejesho ni ~10,000~ *5,000* kwa wiki
05/06/2024, 19:58 - Mama Zai: Nakubali
05/06/2024, 20:03 - Bwana Shamba: Mimi sikubali, ni kubwa
05/06/2024, 20:04 - Mwenyekiti: <Media omitted>
05/06/2024, 20:11 - Mama Zai: Nakubali
```

Mzee mmoja akasoma kwa sauti, "faini ni kama elfu kumi hivi, nyota elfu tano." Mwingine akasema maana yake ni kati ya tano na kumi, kamati itaamua kulingana na kosa. Mama Zai mwenyewe akasema hakuikubali faini yoyote, Nakubali yake ya kwanza ilikuwa inajibu habari ya kuhamishia mkutano Jumamosi.

Kisha mhasibu akatoa nakala yake aliyoihamisha kwenye simu yake. Ujumbe uleule, lakini:

```
6/5/24, 7:42 PM - Mwenyekiti Mkali: Faini ya kuchelewesha rejesho ni ~10,000~ *5,000* kwa wiki
```

Mama Zai alichelewesha rejesho wiki tatu, zote za mwezi wa tano. Uamuzi ukiwa wa tarehe 6 Mei, anadaiwa. Ukiwa wa tarehe 5 Juni, hadaiwi kitu. Na akidaiwa, ni 15,000 au 30,000? Nawaombeni mnielekeze jinsi ya kuchapa ili karatasi ifanane na simu. (Na ndiyo, "Mkali" ilisomwa mbele ya mwenyekiti.)

Msafi_wa_Jiji

Katibu unajisumbua. Achana na kuhamisha mazungumzo, piga skrinshoti, bandika kwenye Word, chapa. Mstari wa kukata utaonekana, herufi nene zitaonekana, na kile kiboksi cha ujumbe unaojibiwa kitaonekana. Tena skrinshoti haichezewi, faili la maandishi mtu yeyote analifungua na kubadilisha tarakimu.

FundiTona_Dom

Msafi nusu yako iko sawa. Kiboksi cha jibu kinaonekana kwenye skrinshoti na kwenye faili hakimo, hilo ni kweli na ndilo kubwa kuliko yote hapa, nitalirudia. Lakini kusema skrinshoti haichezewi, hapana. Kwenye simu yako nenda kwa jina la mtu, libadilishe liwe "Waziri wa Fedha", piga skrinshoti. Umeshaichezea na hujahitaji programu yoyote.

Halafu njoo uone tunavyozipokea dukani. Nusu ya skrinshoti za wateja zimepigwa simu ikiwa kwenye mandhari ya giza. Printa inamwaga tona ukurasa mzima kupata ule weusi, maandishi meupe yanabaki membamba, na ukitoa kopi ya kopi herufi ndogo zinazibwa. Saa na tarehe ndizo zinazotangulia kupotea kwa sababu zimeandikwa kijivu. Mtu anayetaka skrinshoti za kuchapa aweke kwanza mandhari angavu, na ujumbe mrefu aufungue pale kwenye `Read more` kabla hajapiga, la sivyo nusu ya maneno haimo kwenye karatasi na hakuna atakayejua kama yaliwahi kuwepo.

Sasa Katibu, kesi yako. Unachokiona kwenye simu na kilichoandikwa ni vitu viwili. Mwenyekiti hakuandika mstari wa kukata. Aliandika kiwimbi, 10,000, kiwimbi. Simu ndiyo inayoviona viwimbi viwili na kuchora mstari. Nyota mbili inazigeuza kuwa herufi nene, mistari miwili ya chini inakuwa herufi za mlazo. Ukihamisha mazungumzo unapata kilichoandikwa, si kilichochorwa. Karatasi haijakosea, imetoa alama zenyewe bila msomaji wake.

Nyota haina madhara makubwa, watu wanaona ni pambo. Kiwimbi ndicho hatari, kwa sababu kwenye karatasi kina maana nyingine kabisa. Mzee wako hakukosea kusoma: mtu yeyote aliyezoea hesabu akiona ~10,000 anasoma "takriban elfu kumi". Kiasi kilichofutwa kimegeuka kiasi cha makadirio, tena kimetangulia kile halisi. Kwa pesa usikate mstari kabisa. Mwenyekiti angeandika "faini iliyokuwa 10,000 sasa ni 5,000" karatasi isingempinga mtu.

MamaRisiti

Kuhusu kuchapa jumbe, mimi nachapisha za wateja wangu wa uwakala kwa ile mashine ndogo ya risiti ya milimita 58. Ni rahisi na haitumii wino. Shida ni moja, baada ya miezi kadhaa maandishi yanafifia, hasa ukiiweka karatasi karibu na joto au ndani ya mfuko wa plastiki. Je wadau kuna karatasi isiyofifia?

FundiTona_Dom

Mama, karatasi hiyo haina wino, inachomwa. Joto ndilo linaloiandika na ndilo linaloiharibu. Kitu cha kuweka mwaka mzima kitolee kopi ya kawaida siku hiyohiyo. Lakini kwa kazi ya Katibu mashine yako haifai kwa sababu nyingine: kwa fonti yake ya kawaida mstari mmoja unachukua herufi 32. Tarehe, saa na jina vikiingia, ujumbe wenyewe unaanza mstari wa pili na tarakimu inaweza kukatika katikati.

BintiMkokotoo

Mimi naona mnazunguka. Hifadhi kwa PDF. Ukishakuwa na PDF hakuna kinachobadilika, popote utakapochapa itatoka vilevile.

FundiTona_Dom

Binti, PDF inagandisha ulichonacho. Ukigandisha viwimbi unapata viwimbi vilivyoganda. Ni hatua ya mwisho, siyo dawa.

BintiMkokotoo

Sawa, lakini angalau emoji hazipotei. Nasema hivi kwa sababu sisi kwenye grupu ya ujenzi wa zahanati orodha ya michango tunaweka 🟢 aliyelipa na 🔴 ambaye bado. Tulipochapa kutoka kwenye faili la maandishi zote zikawa viboksi vitupu. Kwa PDF kutoka kwenye simu zikaonekana.

Mjukuu_wa_Karani

Zikaonekana kwa rangi, kwenye skrini. Mlizichapa?

BintiMkokotoo

Tulichapa. Ofisi ina printa ya nyeusi tu... na kweli, sasa nikiangalia karatasi hapa, vyote ni viduara vya kijivu. Kijani kimefifia kidogo kuliko chekundu, lakini kwenye kopi waliyobandika ukutani siwezi kutofautisha. Watu wamelalamika wamewekwa kwenye wadaiwa na mimi nilidhani hawajui kusoma orodha!

Mjukuu_wa_Karani

Ndiyo hivyo. Chochote kinachotofautishwa kwa rangi peke yake kinakufa kwenye printa ya nyeusi. Andika "amelipa" na "bado". Hata tiki na mkasi vina nafuu kwa sababu maumbo yao yanatofautiana, ila navyo vinategemea fonti iwe na umbo hilo. Isipokuwa nalo, tiki na mkasi vyote vinatoka kiboksi kilekile.

KatibuKihonda

Asanteni. Mimi nimefuata njia yangu kwanza: nimelifungua faili kwenye Word, nikakutana na kioja kingine. Mahali pengine mradi wetu wa ng'ombe wa maziwa umeandikwa hivi:

```
Tukutane kwa ajili ya mradi wa ngâ€™ombe
```

Lakini si kwa kila mtu. Bwana Shamba akiandika ng'ombe inatoka sawa. Mwenyekiti akiandika inatoka na madudu hayo. Kirusi?

FundiTona_Dom

Si kirusi. Nadhani mwenyekiti anatumia aifoni na Bwana Shamba Android. Aifoni kwa kawaida inapinda kile kipostrofi chako kiwe cha kupendeza, kama kinavyochapwa vitabuni. Kilichonyooka kinahifadhiwa kwa baiti moja, kilichopinda kwa baiti tatu. Faili la WhatsApp limeandikwa kwa UTF-8, na kompyuta yako imelisoma kwa mfumo wa zamani wa Windows unaohesabu kila baiti kuwa herufi kamili, ndiyo maana kipostrofi kimoja kimekuwa herufi tatu. Ukiona `â€™` ujue ni hilo tu, hakuna kilichoharibika ndani ya faili.

Funga bila kuhifadhi. Fungua upya, Word ikikuuliza aina ya maandishi chagua `Unicode (UTF-8)`. Kwa Excel usilibofye faili mara mbili, pitia `Data`, kisha `From Text/CSV`, na kwenye `File Origin` chagua `65001: Unicode (UTF-8)`. Ukihifadhi wakati madudu yako kwenye skrini, hapo ndipo yanapokuwa ya kweli.

KatibuKihonda

Imekubali, na kweli mwenyekiti ana aifoni. Sasa nyota. Kurasa zimejaa nyota, nikizifuta moja moja kwa mkono nitakesha.

Kijana_wa_Script

Katibu, pakua LibreOffice, ni ya bure. Fungua `Find & Replace`, weka tiki kwenye `Regular expressions`. Kwenye `Find` andika:

```
\*([^*]+)\*
```

Kwenye `Replace` andika `$1`, na ukiwa kwenye kisanduku hicho bonyeza `Format` uchague herufi nene. Gonga `Replace All`. Kila kilichokuwa kati ya nyota mbili kinakuwa kizito na nyota zinaondoka. Dakika moja.

KatibuKihonda

Nimefanya, mdogo wangu, imependeza kweli. Ila kuna mstari umenishangaza. Mweka hazina alituma maelekezo ya kulipia mchango, sasa unasomeka "piga 15000# kisha fuata maelekezo". Yeye anasema hajawahi kuandika 15000 popote.

Mjukuu_wa_Karani

Hahaha! Aliandika `*150*00#`. Kanuni ya kijana imeona nyota mbili na 150 katikati, ikazila nyota na kuikoleza 150. Sasa mtu anayesoma haraka ataona ni elfu kumi na tano, tena kwenye ujumbe wa malipo.

Na cha kuangalia: WhatsApp yenyewe haiukolezi msimbo huo, kwa sababu inataka nyota ya kufunga isigusane na herufi au tarakimu upande wa pili. Kanuni ya kijana haikuuliza hilo. Programu nyingine zinazogeuza nyota kuwa mitindo, zile zinazotumia Markdown, nazo zinafanya kosa hilohilo: ukibandika humo `*150*00#` unapata 150 ya mlazo na nyota zimetoweka. Kwa hiyo si kwenye kusafisha tu, hata kunakili ujumbe na kuubandika mahali pengine kunaweza kuua msimbo wa simu.

Kijana_wa_Script

Aisee, hiyo sikuiwaza. Basi tuilazimishe nyota ya kwanza itanguliwe na nafasi au mwanzo wa aya, na ya mwisho ifuatwe na nafasi, alama ya kituo au mwisho wa aya:

```
(^|\s)\*([^*]+)\*(\s|[.,:;!?]|$)
```

Na `Replace` iwe `$1$2$3`. Anza upya na faili safi, Katibu, lile la kwanza nyota zake hazirudi. Na usigonge `Replace All` kipofu. Gonga `Find All` kwanza, pitia zilizowekewa rangi, kisha ndiyo ubadilishe.

FundiTona_Dom

Hapo kwenye "faili safi" ndipo nilipotaka tufike. Katibu, tengeneza nakala mbili na usizichanganye. Moja ni ya kumbukumbu: faili kama lilivyotoka kwenye simu, na nyota zake, viwimbi vyake, hata `<Media omitted>` yake. Hiyo hugusi herufi. Ya pili ni ya kusomea mkutanoni, hiyo ndiyo unasafisha, na juu ya kila ukurasa unaandika "Nakala ya kusomea, iliyosafishwa". Kila aya ya nakala ya kusomea ibaki na tarehe na saa yake ili mtu akibisha aitafute kwenye ile ya kwanza.

Kamau_Naks

Naongezea kutoka huku Kenya. Mtu akitaka karatasi kama hizo zitumike kortini, kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinataka cheti kinachoeleza rekodi ilitolewaje na kwa kifaa gani, kikiwa na sahihi ya mhusika. Nimeona karatasi nzuri zilizopangwa vizuri zikikwama kwa kukosa ukurasa huo mmoja.

Mjukuu_wa_Karani

Kwetu Tanzania ni Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, kifungu cha 18. Inaangalia jinsi ujumbe ulivyotengenezwa, ulivyotunzwa na mwandishi alivyotambuliwa. Kwa hiyo ushauri wa nakala isiyoguswa ni mzuri. Lakini jamani hawa ni kikoba, wanagombania elfu kumi na tano. Tusiwapeleke mahakamani kabla hawajanywa chai.

KatibuKihonda

😂 Sawa. Turudi kwenye tarehe. Nani yuko sahihi, mimi au mhasibu? Nakala yangu inasema 05/06/2024, yake 6/5/24.

FundiTona_Dom

Wote wawili. Faili la kuhamisha linafuata mpangilio wa lugha na eneo wa simu iliyohamisha. Simu ya mhasibu inaonekana iko kwenye Kiingereza cha Marekani: mwezi unatangulia, mwaka ni tarakimu mbili, na saa ina PM. Hiyo PM ni dalili lakini si ushahidi, kwa sababu kuna maeneo yanayotanguliza siku na bado yanatumia PM.

Fanya hivi. Kwenye kila nakala tafuta tarehe yenye namba iliyozidi 12. Kwa mhasibu ukikuta `6/13/24`, basi kumi na tatu haiwezi kuwa mwezi, kwa hiyo kwake ya kwanza ni mwezi. Kwako ukikuta `13/06/2024`, kwako ya kwanza ni siku. Faili moja halichanganyi mpangilio katikati, ukishaujua mstari mmoja umeijua yote.

Njia ya pili, hamisha tena ukichagua kujumuisha picha. Pale palipokuwa na `<Media omitted>` utapata jina la faili, kwa mfano:

```
IMG-20240605-WA0007.jpg (file attached)
```

Hilo jina limeandikwa mwaka, mwezi, siku, bila kujali simu ya nani. Ni siku picha ilipoingia kwenye simu ile, kwa hiyo halitoshi peke yake, lakini likilingana na mstari wake huna sababu ya kubishana. Ukichapa picha yenyewe, andika jina hilo chini yake, vinginevyo utakuwa na picha za risiti zisizojulikana zilikuwa wapi kwenye mazungumzo.

Tahadhari moja: ukijumuisha picha kiwango cha jumbe kinapungua. Bila picha unapata hadi jumbe 40,000 za karibuni, ukiwa na picha ni 10,000. Grupu yenye maneno mengi inaweza kukatwa mwanzoni na faili halikuambii.

KatibuKihonda

Nimekuta `6/13/24` kwa mhasibu. Na picha ni `IMG-20240605`. Kwa hiyo ni 5 Juni na Mama Zai hadaiwi faini ya mwezi wa tano. Mhasibu amekaa kimya kwenye grupu tangu nilipotuma.

Kuhusu majina je? Kwake "Mwenyekiti Mkali", kwangu "Mwenyekiti".

Mjukuu_wa_Karani

Faili linatoa jina kama ulivyolihifadhi wewe kwenye simu yako, na usipolihifadhi linatoa namba. Kwa hiyo kila mtu anachapa grupu yake. Kabla ya kuhamisha, pitia majina uyarudishe yawe majina ya watu. Nimewahi kuona orodha imesomwa hadharani, mwanachama ameandikwa "Usimkopeshe Tena". Yule mama alisimama akatoka na hakurudi.

Na ukurasa wa mwisho weka jedwali dogo: jina lililomo kwenye nakala, jina kamili la daftari la wanachama, na tarakimu tatu za mwisho za namba. Namba nzima usiitembeze mtaani.

Msafi_wa_Jiji

Hamjajibu bado hoja yangu. Nakubali ya Mama Zai ilikuwa inajibu nini? Faili haliwezi kusema. Skrinshoti inaweza.

FundiTona_Dom

Hapo Msafi nakupa. Ukijibu kwa kuvuta ujumbe wa mtu, kile kiboksi cha juu hakiingii kabisa kwenye faili la kuhamisha. Wala dole gumba ambalo watu wanabandika chini ya ujumbe haliingii. Kwenye simu unaona watu kumi wamekubali kwa kidole, kwenye karatasi ni kama ujumbe ulipita kimya. Faili linapanga jumbe kwa saa tu, msomaji anadhani kila jibu linajibu kilichokuwa juu yake. Kwa Mama Zai juu yake palikuwa na faini.

Kwa hiyo kwa jumbe zile chache zenye ubishi, tumia skrinshoti pamoja na faili. Simu ya Mama Zai na simu ya mtu mwingine ambaye si rafiki yake, mandhari angavu, saa ionekane. Kwenye nakala ya kusomea ongeza maneno baada ya ujumbe, kwenye mabano ya mraba ili ijulikane ni ya katibu:

```
05/06/2024, 19:58 - Mama Zai: Nakubali [anajibu: "Mkutano uhamie Jumamosi", 18:20]
```

KatibuKihonda

Nimeangalia simu ya Mama Zai mbele ya mhasibu. Ya saa 19:58 kweli inajibu habari ya Jumamosi. Lakini ile ya 20:11 haina kiboksi chochote. Aliandika tu "Nakubali". Yeye anasema alikuwa anarudia ileile ya Jumamosi kwa sababu aliona watu hawajamjibu. Bwana Shamba anasema ilikuwa ya faini. Juu yake kabisa kuna picha ya mwenyekiti, ambayo ni risiti ya viti.

Mjukuu_wa_Karani

Basi hiyo hakuna printa itakayoiamua. Andika `[haikuelekezwa kwa ujumbe wowote]` na uiache hivyo. Usiijazie.

BintiMkokotoo

Mbona kwenye nakala ya kusomea kiwimbi mmekiachia? Si mkigeuze kiwe mstari wa kukata wa kweli, kama mlivyofanya nyota kuwa nene? Kanuni ni ileile.

Kijana_wa_Script

Inawezekana, badala ya `\*` weka `~`, badala ya `[^*]` weka `[^~]`, na kwenye `Format` chagua mstari wa kukata.

FundiTona_Dom

Inawezekana ila sipendi kwa tarakimu. Mstari unapita katikati ya sifuri na nane, ukitoa kopi mara mbili 3 iliyokatwa inafanana na 8. Mimi ningeandika `[imefutwa: 10,000] 5,000`. Ni mbaya kwa macho lakini inasomeka hata kwenye kopi chafu, na hata mtu akimsomea mwenzake kwa sauti inasikika kwamba imefutwa. Mstari hausikiki.

Mjukuu_wa_Karani

Mimi siafiki. Ukianza kuandika "imefutwa" umeongeza neno ambalo mwenyekiti hakuliandika, na wengine hawatajua kama aliufuta yeye au katibu. Mstari wa kukata ndio aliotaka yeye uonekane. Chapa kwa herufi kubwa zaidi, pointi 14, kopi itasomeka.

FundiTona_Dom

Kwa printa ya ofisini kwako labda. Njoo na karatasi dukani kwangu jioni tona ikiwa imeisha tuone.

KatibuKihonda

Wakubwa, kwenye hilo nitawauliza wazee wenyewe wanasoma ipi kwa urahisi. Swali jingine: mwenyekiti baada ya kuona zogo hili kaenda kuhariri ujumbe mpya wa faini aliotuma leo. Nikihamisha, karatasi itaonyesha alichoandika mwanzo?

Mjukuu_wa_Karani

Hapana. Itaonyesha maneno mapya na mwishoni `<This message was edited>`. Ya zamani hayapo. Anaweza kuhariri ndani ya dakika 15 tangu alipotuma, kwa hiyo aliyesoma dakika ya tatu na aliyesoma dakika ya ishirini wamesoma vitu viwili na karatasi ina kimoja. Mwambie akikosea kwenye pesa atume ujumbe mpya wa kusahihisha na ule wa kwanza auache.

KatibuKihonda

Nimemwambia. Amejibu kwa kidole gumba.

Msafi_wa_Jiji

Piga skrinshoti 😂

MamaRisiti

Na jumbe za sauti jamani? Kwenye kikundi chetu wazee hawaandiki, wanarekodi tu. Mkutano mzima ni sauti. Hizo mnazichapaje?